Mtu kajenga kwenye kiwanja changu Nyamhongolo. Notisi nimeandika, ikosoeni kabla sijaipeleka

Kitangiri2
Wakuu habari za jioni. Nina kiwanja Nyamhongolo, Manispaa ya Ilemela. Kimepimwa, mita 20 kwa 40. Mmiliki wa kwanza alipewa ofa 2009, mimi nikanunua kwake 2013, tukafanya uhamisho na hati ikatoka kwa jina langu 2016. Kazi yangu iko Geita, kwa hiyo zaidi ya kumwaga tripu mbili tatu za mawe sijajenga kitu.

2023 jirani akanipigia kwamba kuna mtu amezungushia seng'enge. Nikaja, nikakuta banda la mabati, msingi wa vyumba viwili, na mahindi yameshafika kiunoni. Jamaa mwenyewe mpole tu, kanikaribisha na kiti. Anasema amenunua 2021 kwa mtu ambaye "ni mwenyeji wa hapa tangu mababu". Tumezungushana kwa simu mpaka nimechoka. Sasa nataka kumpa notisi ya maandishi. Hii hapa:

> KWA MVAMIZI. Wewe ni tapeli na mwizi wa ardhi. Tangu 2021 unakaa kwenye kiwanja changu bila ruhusa. Nakupa siku saba uondoke na takataka zako zote. Ukikaidi nitakuja na vijana nibomoe na gharama utalipa wewe. Hati ninayo.

Semeni.

Ngosha wa Igoma
Mkuu notisi ya nini tena? Nenda polisi, fungua jalada la kuingia kwa jinai. Wakimlaza ndani siku mbili anaondoka mwenyewe. Mambo ya barua ni ya wazungu.

Binti Sengerema
Pole kaka. Kwani mkataba wake wa kupanga uliisha lini? Mimi mpangaji wangu wa Mabatini nilimpa miezi mitatu kwa sababu tulikubaliana hivyo tangu mwanzo, akaondoka bila shida.

Kitangiri2
Dada si mpangaji. Hajawahi kunilipa hata shilingi. Kavamia.

Wakili Kijiweni
Ngosha, polisi wanaweza kumpokea, lakini akifika akasema "nimenunua, karatasi hii hapa", hiyo inakuwa kesi ya nani mwenye ardhi. Mahakama ya jinai haiamui umiliki. Hakimu atakwambia nendeni kwanza kwenye vyombo vya ardhi, mkishajua mwenye mali ndiyo mrudi. Utakuwa umepoteza muda, na jamaa anaendelea kupandisha tofali.

Kitangiri2, barua yako ina hasira nzuri lakini itakuumiza. Itazame kwa jicho la mtu mmoja tu, mwenyekiti wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, atakayeisoma mwaka mmoja au miwili ijayo ikiwa kielelezo. Wakili wa upande wa pili ndiye atakuwa anaisoma kwa sauti. "Mwizi", "tapeli", na nakala ukiipeleka ofisi ya mtaa: hapo umempa kesi ya kashfa. "Nitakuja na vijana nibomoe": siku banda likiungua hata kwa jiko la mkaa, mshukiwa wa kwanza ni wewe, kwa saini yako mwenyewe. Hata mwenye hati hana ruhusa ya kumtoa mtu kwa nguvu zake. Anayevunja ni dalali wa baraza, akiwa na amri mkononi.

Mpima Mstaafu
Mimi nina swali kabla ya hayo ya mawakili. Bikoni zako umeziona?

Kitangiri2
Shikamoo mzee. Ya mbele kulia ipo. Nyingine sijaziona, kuna majani, na upande mmoja jamaa kalundika kokoto.

Mpima Mstaafu
Marahaba mwanangu. Basi usipeleke barua yoyote. Nimepima viwanja ukanda huu wa Mwanza miaka mingi, na ugomvi mwingi niliouona ulianza na mtu mwenye hati halali kabisa aliyekuwa anamfukuza mtu kwenye kiwanja cha jirani. Huko Nyamhongolo kuna mawe makubwa, greda la barabara linapita linang'oa bikoni, watoto wanachimbua ile nondo wanauza chuma chakavu. Watu wanabaki kukisia kwa mti na kona ya nyumba.

Tafuta mpima ardhi aliyesajiliwa. Atachukua ramani ya upimaji iliyosajiliwa, ambayo ina majira ya kila kona, atakuja na kifaa chake na kufufua mipaka. Kazi yenyewe kwa kiwanja kimoja ni ya siku moja kama ramani imepatikana mapema. Muhimu ni kwamba siku hiyo Mtendaji wa Mtaa awepo, majirani wawepo, na huyo jamaa aarifiwe, aje au asije. Mwisho akuandikie taarifa yenye mchoro: banda liko wapi, msingi uko wapi, seng'enge inapita wapi, kila kimoja na mita zake kutoka mpakani. Mchoro huo una nguvu kuliko maneno yote utakayoandika.

Ngosha wa Igoma
Mzee hapo sawa. Ila hata notisi kisheria lazima iwe siku 90, si saba. Hilo nina uhakika, mjomba wangu alirudishwa kesi kwa sababu hiyo.

Wakili Kijiweni
Mjomba wako alikuwa anamshtaki nani?

Ngosha wa Igoma
Halmashauri. Walichukua eneo lake kwa barabara.

Wakili Kijiweni
Ndiyo maana. Siku 90 ni za unapotaka kuishtaki serikali, na halmashauri zimo. Tangu mabadiliko ya 2020 lazima pia umuunganishe Mwanasheria Mkuu na uende Mahakama Kuu. Kwa mtu binafsi aliyevamia hakuna sheria inayotaja idadi ya siku, wala hulazimiki kumpa notisi ndipo ushtaki. Tunaitoa kwa sababu inaonyesha ulimtaka kwa ustaarabu akakataa, na baraza linalitazama hilo kwenye gharama. Watu wanaandika 14, 21, 30. Siku saba kwa mtu mwenye msingi na mahindi zitaonekana za ukorofi.

Ila Ngosha umegusa kitu. Kitangiri2, una uhakika jamaa hana barua ya ofa kutoka halmashauri? Akitoa ofa ya kiwanja hichohicho, basi mgogoro si wenu wawili tena, ni kiwanja kilichotolewa mara mbili. Aliyetoa atatakiwa kuunganishwa, na hapo ndipo siku 90 na Mahakama Kuu vinaingia.

Kitangiri2
Nilimwomba karatasi zake hakunionyesha. Kasema ziko kwa shemeji.

Dalali Buzuruga
Hahaha, karatasi zote za Mwanza hii ziko kwa shemeji.

Kaka mimi ushauri wangu wa kibiashara. Kiwanja hicho hujakiendeleza tangu 2016. Masharti ya hati yanasema ujenge ndani ya miezi 36. Kisheria kimesharudi serikalini, huyo jamaa akienda ardhi akalipia anapewa. Bora muuzie tu yeye, chukua chako.

Mpima Mstaafu
Dalali, dalali. Sharti la kuendeleza lipo kweli, na mara nyingi ni hiyo miezi 36. Lakini kiwanja hakirudi serikalini kwa kulala usingizi. Kamishna anapeleka notisi ya kuvunja masharti, mwenye hati anapewa nafasi ya kujieleza, na kufuta miliki ni mamlaka ya Rais. Mpaka hapo jina lililo kwenye daftari ndilo lenye mali. Na hata ikifutwa, haiendi kwa aliyeruka seng'enge.

Ila kodi ya pango la ardhi umelipa?

Kitangiri2
Nadaiwa ya miaka mitatu nadhani.

Mpima Mstaafu
Omba namba ya malipo, lipa yote kabla ya notisi. Risiti za pango si ushahidi wa umiliki peke yake, mtu yeyote anaweza kulipia. Lakini mwenye hati asiyelipa anaulizwa maswali ambayo hayana sababu ya kuulizwa.

Mama Dagaa
Samahanini wadau nadandia hapohapo. Mimi wangu ni shamba la marehemu baba Igombe, karibu na mwalo. Halijapimwa. Kuna mzee baba alimkaribisha tangu 2006 aanike dagaa na kujenga kibanda cha kulala wavuvi. Baba amefariki, sasa huyo mzee anasema amekaa zaidi ya miaka 12 kwa hiyo ni pake. Na mimi nimpe notisi kama hiyo ya kaka?

Wakili Kijiweni
Pole mama. Wako uko tofauti, nitajibu kwa kifupi halafu ufungue uzi wako.

Miaka 12 ni muda wa mwenye ardhi kufungua kesi ya kuidai. Lakini aliyekaribishwa ni mwalikwa, na mwalikwa hageuki kuwa mwenye nyumba kwa kukaa sana. Mahakama zimelisema hilo mara nyingi. Unachohitaji ni majirani na ndugu wanaojua kwamba baba ndiye alimkaribisha, na uwatafute wakiwa hai.

Notisi usiandike wewe kama mtoto wa marehemu. Ardhi ya marehemu inadaiwa na msimamizi wa mirathi peke yake. Nendeni Mahakama ya Mwanzo iwateulie msimamizi, mkipata barua ya usimamizi ndipo msimamizi aandike. Kesi nyingi zinatupwa hapo tu, bila hata kugusa nani mwenye shamba.

Mama Dagaa
Kaka yangu mkubwa ndiye anasimamia kila kitu nyumbani. Haitoshi?

Wakili Kijiweni
Kama hana barua ya mahakama haitoshi, hata ukoo wote ukikubali.

Mpima Mstaafu
Na mama, kama eneo liko karibu na maji, kumbuka Sheria ya Mazingira ya 2004: ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa shughuli za kudumu haziruhusiwi. Huenda mnagombania kipande ambacho hakuna kati yenu atakayejenga.

Kitangiri2
Turudi kwangu jamani. Hiyo miaka 12 inanihusu? Jamaa anasema kaingia 2021.

Wakili Kijiweni
Uko ndani ya muda. Lakini ona ulivyoandika: "Tangu 2021 unakaa kwenye kiwanja changu." Wewe uliona 2021? Hukuona. Kwa nini umthibitishie tarehe ya kuingia? Andika ulichokiona, siku uliyokiona. Kesho akibadilisha akasema aliingia 2010, mzigo wa kuthibitisha ni wake, si wako.

Na watu wengi wanadhani wakimpa mtu notisi wamesimamisha saa. Hawajaisimamisha. Unaweza kumwandikia kila Krismasi, miaka 12 inaendelea kukatika mpaka siku unapofungua shauri.

Binti Sengerema
Kwa hiyo aambatishe hati yake? Mimi ningeogopa.

Wakili Kijiweni
Unaogopa jambo la kweli dada. Hati halisi haitoki nyumbani. Hata nakala safi ya hati usiipeleke kwa mtu ambaye tayari anashukiwa kununua kwa matapeli, maana ndiyo namba, saini na sura ya hati nzima umempa. Taja namba ya hati, jina, mwaka wa kusajiliwa. Halafu fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, unalipia kidogo, unapata majibu yanayosema kiwanja hiki ni cha nani na kina rehani au zuio gani. Majibu hayo ndiyo unaambatisha. Yana faida mbili: ni ya tarehe ya karibuni, na yametoka kwenye daftari lenyewe, si kabatini kwako. Kama unaona lazima ukurasa wa kwanza wa hati uende, upige mstari wa mshazari kwa wino uandike "Nakala ya notisi tu" na tarehe.

Ngosha wa Igoma
Mnamlea sana huyo mvamizi. Wakati nyie mnapiga mistari ya mshazari yeye anapaua.

Kitangiri2
Ngosha nakuelewa mzee wangu, lakini sina hela ya kesi mbili. Nakwenda kufanya hayo. Nitarudi.

Kitangiri2
Nimerudi wakuu. Pango nimelipa. Upekuzi umetoka, jina langu, hakuna rehani wala zuio. Mpima amekuja na tumefufua bikoni zote. Ile ya mbele kulia ipo, moja ilikuwa chini ya udongo, moja chini ya zile kokoto, na moja ya nyuma imeng'olewa, akaweka alama mpya. Jamaa alikuwepo, alisimama pembeni na mkewe muda wote, hakusema neno.

Mzee alikuwa na sababu. Banda lote liko ndani kwangu. Msingi uko ndani isipokuwa kona moja iliyoingia kwa jirani wa kusini. Seng'enge yake imevuka kwa huyo jirani mita mbili na nusu hivi, na nyuma imeishia mita 30, kwa hiyo mita 10 za mwisho za kiwanja changu hajazigusa kabisa. Jirani naye sasa kakasirika.

Mpima Mstaafu
Unaona. Kama ungeandika "umevamia kiwanja changu chote na msingi wako wote", angeleta mpima wake aonyeshe ile kona, na baraza lingeanza kujiuliza ni kitu gani kingine umeongeza. Jirani aandike notisi yake mwenyewe kwa kipande chake. Msichanganye.

Kitangiri2
Notisi mpya hii. Namba nimeziondoa kwa ajili ya hapa:

> Kwa: Ndugu (jina kamili), Kiwanja Na. …, Kitalu "…", Nyamhongolo, Manispaa ya Ilemela, Mwanza.
>
> YAH: NOTISI YA KUONDOKA KATIKA KIWANJA KILICHOTAJWA HAPO JUU
>
> 1. Mimi ndiye mmiliki niliyesajiliwa wa kiwanja hiki, Hati Na. …, iliyosajiliwa kwa jina langu mwaka 2016 baada ya uhamisho kutoka kwa mmiliki wa kwanza, aliyepewa barua ya toleo mwaka 2009.
>
> 2. Upekuzi rasmi wa tarehe … kwa Msajili wa Hati unaonyesha kiwanja kiko kwa jina langu na hakina rehani wala zuio.
>
> 3. Mwaka 2023 nilikukuta ndani ya kiwanja hiki. Tarehe … mpima ardhi aliyesajiliwa alifufua mipaka mbele ya Mtendaji wa Mtaa, majirani wawili na wewe mwenyewe. Taarifa yake inaonyesha kuwa banda lako la mabati lote, msingi isipokuwa kona ya kusini, na sehemu kubwa ya seng'enge viko ndani ya mipaka yangu.
>
> 4. Sijakuuzia, sijakupangisha wala sijakukaribisha, na sijampa mtu yeyote mamlaka ya kufanya hivyo kwa niaba yangu.
>
> 5. Nakutaka usimamishe ujenzi mara upokeapo notisi hii na, ndani ya siku 21, uondoe banda, seng'enge na vifaa vyako na kunirudishia kiwanja kikiwa wazi.
>
> 6. Mahindi yaliyopo shambani unaweza kuyavuna ndani ya siku hizo. Ruhusa hiyo ya kuvuna haikupi haki ya kuendelea kukaa wala kupanda tena.
>
> 7. Kama una nyaraka unayoamini inakupa haki kwenye kiwanja hiki, wasilisha nakala yake ofisi ya mtaa ndani ya muda huo, pamoja na jina la aliyekuuzia.
>
> 8. Muda ukipita, nitapeleka shauri Baraza la Kata kwa usuluhishi na, usuluhishi ukishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nikidai kutamkwa mmiliki, amri ya kukuondoa, fidia na gharama, bila notisi nyingine.
>
> Viambatisho: majibu ya upekuzi, taarifa na mchoro wa mpima, risiti za kodi ya pango.
> Nakala: Mtendaji wa Mtaa, Mtendaji wa Kata.

Wakili Kijiweni
Safi. Namba 6 ni nzuri hasa hiyo sentensi ya pili. Bila hiyo angesema ulimruhusu kulima.

Nimefurahi hujaweka mambo ya kumlipa msingi. Kama unataka kumpa chochote ili aondoke kwa amani, mazungumzo hayo yaende kwenye barua tofauti, juu yake uandike kwamba ni pendekezo la suluhu na halitatumika kama ushahidi. Ukiyachanganya humu, atasema ulikiri unadaiwa.

Dalali Buzuruga
Hivi msingi wake kisheria haulipwi? Ametumia nondo na saruji, na pesa alitoa kweli.

Wakili Kijiweni
Aliyejenga bila ruhusa kwenye ardhi ya mtu anaondoa vyake, ndio msimamo wa kawaida. Madai yake ya pesa yaende kwa aliyemuuzia. Lakini sitakuficha, wapo wenyeviti wanaohurumia mnunuzi aliyenunua kwa nia njema, na kwenye usuluhishi kata ndiyo hoja ya kwanza kutajwa. Mimi na mwenzangu ofisini tumebishana juu ya hili wiki nzima.

Binti Sengerema
Kuhusu Baraza la Kata, si ndilo linaamua? Si aanzie na kumalizia hapo?

Wakili Kijiweni
Zamani. Tangu mabadiliko ya 2021 Baraza la Kata halitoi hukumu, linasuluhisha tu. Usuluhishi ukishindikana linakupa hati ya kuthibitisha hivyo, unakwenda nayo Baraza la Wilaya. Zikipita siku 30 halijamaliza, unaruhusiwa kuendelea bila hati hiyo. Ukiruka kata kabisa, shauri lako halipokelewi. Na wilaya inasikiliza ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 300, kwa hiyo kiwanja chako kinaingia bila wasiwasi.

Kitangiri2
Kumpelekea nimtume mdogo wangu?

Wakili Kijiweni
Kupeleka tu anaweza, asiwe peke yake. Chapa nakala nne. Apokee, asaini nakala yako, aandike jina na tarehe. Akikataa kusaini msibishane naye: mdogo wako aandike kwenye nakala "amekataa kusaini", saa na tarehe, shahidi asaini. Shahidi asiwe ndugu. Kisha nakala ya mtaa igongwe muhuri wa kupokelewa siku hiyohiyo. Zile siku 21 zinahesabiwa kuanzia hapo, kwa hiyo tarehe isisomeke kwa kubahatisha.

Kitangiri2
Imeshapelekwa wakuu. Jamaa kakataa kusaini, akasema anamsubiri shemeji. Mjumbe amesaini kama shahidi. Ofisini kwa mtaa kuna mtu kaniomba elfu ishirini ya muhuri, nikamwambia anipe risiti, akagonga bure.

Jioni hiyohiyo kanitumia Wasapu picha ya mkataba wake. Umeandikwa kwa mkono, 2021, mashahidi wawili, hauna muhuri wa mtaa wala ushuru wa stempu. Unasema: "nimemuuzia eneo langu lenye hatua 30 kwa 40 lililopo Nyamhongolo karibu na mwembe."

Mpima Mstaafu
Namba ya kiwanja hamna?

Kitangiri2
Hamna. Namba, kitalu, majirani, hakuna hata kimoja. Mwembe wenyewe sijauona.

Mpima Mstaafu
Hatua ya mtu mzima ni kama robo tatu ya mita. 30 ni mita 22 na nusu, 40 ni mita 30. Kiwanja chako ni 20 kwa 40. Ndiyo maana seng'enge ilimwingia jirani mita mbili na nusu na nyuma ikabaki mita 10. Alipimiwa kwa miguu juu ya viwanja vilivyokwisha kupimwa. Taarifa ya mpima wako na hiyo picha zinasomana.

Ngosha wa Igoma
Kwa hiyo ameshaliwa. Sasa si umpigie polisi?

Wakili Kijiweni
Anayepaswa kwenda polisi ni yeye, dhidi ya muuzaji wake.

Kitangiri2, ihifadhi hiyo picha pamoja na meseji iliyokuja nayo, usikate kichwa cha namba ya simu. Usimjibu chochote cha kumkubali au kumkejeli. Jina la muuzaji likisomeka liandike, maana kwenye madai ya Baraza la Wilaya utamshtaki pamoja na yeye. Ukimwacha nje, mjibu madai atasema mwenye kueleza ardhi ilitoka wapi hayupo, na mtaanza upya.

Kitangiri2
Jina linasomeka. Jirani wa kusini anasema huyo mtu ameuza na kule ng'ambo ya barabara, hatua hizohizo.

Mama Dagaa
Wakili, hiyo barua ya usimamizi inachukua muda gani? Kaka amekubali twende Jumatatu.

Wakili Kijiweni
Inategemea kama kuna wa kupinga, mama. Nendeni na muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo. Fungua uzi wako nitakuja.